Alama Sita za Kuvuka F

Wiki chache kabla ya Novemba, shule nyingi za sekondari Tanzania huwakusanya wanafunzi wa kidato cha nne bwaloni au chini ya mwembe, mwalimu akasimama mbele yao kuwatia moyo. Mara nyingi huja na habari mbili tatu za waliotangulia. Kuna yule aliyepata ziro kwenye mtihani wa utimilifu, kisha akatoka na daraja la pili. Kuna yule mtoto wa mama muuza maandazi ambaye leo yuko chuo kikuu. Wanafunzi hupiga makofi, hurudi darasani, na kesho yake wengi hawajui waanzie wapi.

Habari hizo huwa za kweli. Kasoro yake ni kwamba zimechaguliwa. Mwanafunzi aliyepata alama 24 za Hisabati anasimuliwa mmoja aliyepanda kutoka 24 akapata C, lakini haambiwi ni wangapi walioanza na 24 hiyo hiyo wakaishia na F. Bila hesabu hiyo hawezi kujua kama yule mmoja alionyesha njia inayopitika au alikuwa na bahati yake. Iko hotuba ya aina nyingine, na walimu wachache wanaoitoa wanajua inavyochosha kuiandaa: mwalimu anachukua matokeo ya mitihani iliyopita jinsi yalivyo, anayaweka mezani, na humo humo anawatafutia wanafunzi sababu ya kufanya kazi.

Hisabati ndiyo inayofaa kuchukuliwa mfano, kwa kuwa ndiko kwenye jeraha.

Mwaka 2023 watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu nchini walikuwa zaidi ya asilimia 89. Namba hiyo hupenda kusomwa kwenye mikutano ya wazazi, na inapendeza masikioni. Lakini katika mtihani huo huo, waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa kama asilimia 37 tu. Sehemu kubwa ya “waliofaulu” ilikuwa daraja la nne. Na katika somo la Hisabati peke yake, waliofaulu walikuwa karibu robo ya watahiniwa. Tena huo ulikuwa mwaka wa nafuu, maana tangu 2019 hadi 2022 ufaulu wa Hisabati ulikuwa ukizunguka pale pale kwenye asilimia 20, mtahiniwa mmoja kati ya watano.

Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba karibu kila mtu hufaulu kidato cha nne hajasema uongo, ila amewaficha jambo wanalohitaji kulijua. Anayewaambia kwamba robo tatu huanguka Hisabati naye hajasema uongo, ila akiishia hapo amewakatisha tamaa bure. Namba zote mbili zinahusu taifa zima. Hakuna hata moja inayomwambia mwanafunzi wa dawati la tatu afanye nini Jumamosi ijayo.

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu anapaswa kwanza kujiridhisha kwamba matokeo anayoyalinganisha yanalinganishika. Mtego mmoja upo kwenye vipimo vyenyewe. Matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi kwa kuwa zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata ziro. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baada ya hapo viwango vya gredi vilibadilishwa, kwa muda mfupi ukaingia mfumo wa wastani wa alama, kisha mwaka 2016 madaraja yakarudi. Kwa hiyo shule inayochora mchoro mmoja kuanzia 2011 hadi leo na kusema “tazameni tulivyopanda” inachanganya rula tofauti. Miaka ya karibuni ndiyo inayofaa, maana kipimo chake ni kimoja: A huanzia 75, B huanzia 65, C huanzia 45, D huanzia 30, na chini ya hapo ni F.

Mtego wa pili haupendwi kutajwa. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huipa shule gredi, halitoi alama ghafi. D ya Novemba inaweza kuwa 30 au 44, na shule haina njia ya kujua. Mwalimu anayesimulia kwamba fulani alipata “38 kwenye mtihani wa taifa” ameongeza chumvi, hata kama nia yake ni njema. Anachoweza kukisema kwa uhakika ni kwamba mwanafunzi huyo alikuwa na 24 Agosti, shuleni, kwa usahihishaji wa walimu wa hapa, na Novemba akapata D.

Sasa tuingie darasani. Darasa hili ni la mfano na namba zake zimetungwa ili hesabu ionekane vizuri, lakini mwalimu yeyote wa Hisabati katika shule ya kata atalitambua.

Wanafunzi ni 40. Wamefanya mtihani mmoja wa taifa wa miaka iliyopita, kwa saa tatu kamili, bila kujadiliana, na huo mtihani hawakuwahi kuusolvu darasani wala tuisheni. Sharti hili la mwisho ni zito. Pepa ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa ubaoni hupima kumbukumbu, na alama zake hupanda hata kama uelewa umebaki pale pale. Mwalimu wa mfano wetu ameitenga pepa moja tangu mwanzo wa mwaka, akaifungia kabatini na kukataa kumpa mtu yeyote, hata wale wa mstari wa mbele waliokuja kumbembeleza.

Wastani wa darasa ni 28. Mwalimu wa taaluma akiuona ataandika kwenye ripoti “darasa liko chini kidogo ya D”. Usemi huo hauna maana, kwa kuwa darasa haliketi mtihani; wanaoketi ni watu. Mwalimu anapozipanga alama anapata picha nyingine kabisa. Wanafunzi 6 wako kwenye 45 na kuendelea. Wanafunzi 8 wako kati ya 30 na 44. Wanafunzi 14 wako kati ya 20 na 29. Waliobaki, 12, wako chini ya 20. Kundi kubwa kuliko yote ni lile la 14, na hakuna hata mmoja wao anayehitaji zaidi ya alama 10 kufika D.

Pepa ya Hisabati ya kidato cha nne ina maswali 14, yote ni ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja. Alama 10 basi ni chini ya maswali mawili ya Sehemu A. Mwanafunzi ambaye siku zote amejiona “si mtu wa hesabu” anaambiwa kwamba kati yake na D kuna swali moja na kipande. Hilo linatia moyo kuliko habari ya mtoto wa muuza maandazi, kwa sababu linamhusu yeye na anaweza kulihakiki kwenye karatasi yake mwenyewe.

Lakini mwalimu haishii hapo. Amekwenda ofisini kutafuta matokeo ya mwaka jana, akayaweka kando ya alama za mtihani wa utimilifu wa wanafunzi wale wale, mmoja mmoja kwa namba ya mtahiniwa. Amekuta kwamba mwaka jana wanafunzi waliokuwa kati ya 20 na 29 walikuwa 15. Novemba mmoja wao alipata C, watano wakapata D, na tisa wakapata F.

Anaziandika namba hizo ubaoni kwa chaki, kubwa kubwa, kisha anageuka.

“Wanangu, sita kati ya 15. Sitawaambia wote 14 mtavuka, kwa sababu mwaka jana hawakuvuka wote. Na sitawaambia haiwezekani, kwa sababu sita hawa walikuwa kwenye madawati haya haya, wakifundishwa na mimi huyu huyu. Ninachotaka kujua, na ninyi mnisaidie, ni jinsi ya kuifanya sita iwe tisa.”

Mkono unanyooshwa nyuma. “Mwalimu, hao sita walifanya nini?”

Hili ndilo swali ambalo hotuba nyingi hulijibu haraka mno. Mwalimu wetu amepitia mahudhurio ya vipindi vya Jumamosi, akaona kwamba watano kati ya sita walikuwa wakihudhuria, na kati ya wale tisa walihudhuria watatu. Anawaambia hivyo. Hapo hapo anaongeza kwamba hana hakika kama vipindi ndivyo vilivyowainua, au waliohudhuria walikuwa tayari ni watu wa bidii ambao wangepanda tu. Watu 15 ni wachache mno kuamulia jambo kama hilo. Kwa mwalimu kukiri mbele ya darasa kwamba ushahidi wake una mwisho si jambo dogo, lakini vijana wa miaka 17 wanajua wanapouziwa maneno. Wakishamwona amekiri hapa, watamwamini pale anaposema kwa uhakika.

Na analo la kusema kwa uhakika, maana limo kwenye karatasi za majibu.

Chukua swali la kwanza, la namba, ambalo wengi huliona rahisi. Kipengele kimoja kinasema hivi: kengele moja inalia kila baada ya dakika 12, nyingine kila baada ya dakika 18. Zimelia pamoja saa 2:00 asubuhi. Zitalia tena pamoja saa ngapi?

Anayejua atatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 12 na 18, yaani KDS ileile aliyoisoma shule ya msingi. Ni 36. Jibu ni saa 2:36. Katika darasa letu wamekosa 22, na mkuu wa shule akitazama juu juu atasema 22 hawajui KDS. Mwalimu alipozisoma karatasi moja moja aliona mambo manne tofauti. Wapo walioandika 216, kwa kuzidisha 12 kwa 18. Hao wanajua kwamba namba inayotafutwa lazima igawanyike kwa zote mbili, ila hawajui kuitafuta iliyo ndogo. Wapo walioandika 6. Hao wametafuta kigawo kikubwa badala ya kigawe kidogo, maana yake wanazijua hesabu zote mbili lakini hawakutambua swali linataka ipi. Wapo walioandika 36 wakaishia hapo, hawakurudi kusoma kwamba swali limeuliza saa. Na wapo walioacha pengo.

Makosa ni manne, na kila moja lina dawa yake. Aliyeandika 216 anahitaji kipindi kimoja cha kupasua namba kuwa vigawo tasa. Aliyeandika 6 anahitaji maswali kama kumi ya maneno, ambayo hatayakokotoa hata moja. Kazi yake ni kusema tu kila moja linadai nini. Aliyeishia 36 anahitaji mazoea ya kusoma mstari wa mwisho wa swali mara ya pili. Aliyeacha pengo anahitaji kuulizwa, kwa upole na faraghani, kama aliielewa lugha. Watoto wengi wa shule za serikali wamesoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, na sekondari wanakutana nayo kwa Kiingereza. Yawezekana kabisa kujua KDS na kushindwa kuiona ndani ya sentensi tatu za lugha ngeni.

Haya si mageni kwa NECTA. Kila baada ya mtihani Baraza huandaa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na kuziweka kwenye tovuti yake bila malipo. Taarifa hizo hupita swali kwa swali. Huonyesha ni asilimia ngapi waliolijibu vizuri, wastani au vibaya, tena kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Huweka pia picha za majibu halisi ya watahiniwa, ya aliyepatia na ya aliyekosea, kwa mwandiko wao wenyewe. Kushindwa kutambua swali linataka nini, na kutoelewa lugha ya swali, ni sababu zinazojirudia humo mwaka baada ya mwaka. Mwalimu mwenye simu na bando dogo anaweza kulichapa jibu moja kama hilo na kulibandika ukutani. Mwanafunzi anapoona kwamba mtu mwingine, mkoa mwingine, kakosea kosa lake lile lile, aibu inapungua na akili inafunguka.

Turudi kwa binti mmoja wa kundi la 14. Ana alama 24. Mwalimu amemtengenezea kijikaratasi chenye maswali yote 14 na alama alizopata: 4, 1, 5, 0, 0, 3, 3, 2, 0 na 2 katika Sehemu A, jumla 20, katika Sehemu B ana 4 za takwimu, na maswali matatu yaliyobaki hakuyagusa. Anahitaji alama 6. Swali ni azitoe wapi.

Ushauri wa kawaida ungekuwa “soma sana mada ulizopata sifuri”. Kwa wiki kumi zilizobaki, ushauri huo ni mbovu. Mada alizopata sifuri ni zile ambazo hana msingi wake, na kila moja ingemla wiki mbili tatu kabla haijampa alama moja. Alama za karibu ziko mahali alipokwisha kuanza. Kwenye swali la kengele aliandika 216 akapata alama 1 kati ya 3. Akiijua KDS anapata 2 zaidi. Kwenye swali la biashara aliambiwa bidhaa imenunuliwa shilingi 80,000 na kuuzwa 100,000, atafute asilimia ya faida. Aliigawa faida ya 20,000 kwa bei ya kuuzia, akapata 20. Faida hupimwa kwa bei ya kununulia, na jibu ni 25. Alama 2 nyingine ziko hapo, na kosa lenyewe linasahihishika kwa dakika 15. Kwenye takwimu alijaza jedwali la marudio vizuri kabisa, kisha akaacha kuchora mchoro kwa kuwa hakuwa na penseli wala rula. Alama 3.

Jumla ni 7. Kutoka 24 anafika 31.

Mwalimu anamwonya asiichukulie 31 kuwa imekwisha kuingia mfukoni. Pepa ya Novemba itakuwa na maswali mengine, huenda magumu zaidi, na msahihishaji hatakuwa yeye. Tofauti ya alama tatu nne kati ya pepa na pepa ni ya kawaida hata kwa mtu ambaye hakujifunza chochote katikati. Kwa hiyo lengo lake lisiwe 30. Liwe 38 au 40, ili pepa ikiwa ngumu bado abaki juu ya mstari. Alama hizo za ziada ndipo atazitafuta kwenye mada moja mpya, moja tu, aliyoichagua pamoja na mwalimu.

Je, D moja ina thamani gani? Hapa napo panahitaji kusemwa kweli. Daraja la kidato cha nne hutokana na masomo saba bora, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Daraja la tatu ni pointi 22 hadi 25. Kuanzia 26 hadi 33 ni la nne. Binti huyu hasomi Fizikia, Kemia wala masomo ya biashara. Ana yale saba ya lazima, kwa hiyo Hisabati lazima ihesabiwe. Ana C za Kiswahili, Uraia na Kiingereza, na D za Historia, Jiografia na Baiolojia. Pointi zake ni 9 na 12, jumla 21. Akiongeza F ya Hisabati anafika 26, daraja la nne. Akiongeza D anafika 25, daraja la tatu. Kwa matokeo yake, alama zile sita ndizo zinazotenganisha madaraja mawili, na nafasi ya kidato cha tano huwa inapita hapo.

Jirani yake wa dawati ana masomo tisa, na Hisabati si miongoni mwa saba zake bora. Kwake D ya Hisabati haibadilishi daraja. Inaweza kumfaa baadaye kwenye maombi ya vyuo vinavyoitaka, na aambiwe hivyo, lakini asidanganywe kwamba itamvusha Januari.

Sehemu ngumu ya hotuba ni ya wale 12 walio chini ya 20. Wengi wa walimu huwaruka, au huwaambia maneno yaleyale ya “mkijituma mtaweza”. Mwalimu wetu aliwaangalia kwenye rekodi za mwaka jana pia. Kati ya 11 waliokuwa chini ya 20 Agosti, mmoja tu alipata D. Hilo hakuliandika ubaoni. Aliwaita mmoja mmoja, mezani kwake, baada ya masomo.

Kwa mvulana mwenye alama 12 alikuta kwamba Historia ana 41 na Jiografia 42. Alama nne kwenye moja na tatu kwenye nyingine zinamfikisha C, pointi mbili kamili. Kwenye Hisabati anahitaji 18 kwa pointi moja. Akamwambia aendelee kuhudhuria vipindi na ashike seti na takwimu, lakini jioni zake nyingi azipeleke kwenye Historia na Jiografia. Ni vigumu kwa mwalimu kumwelekeza mtoto nje ya somo lake mwenyewe, hasa shule inapompima kwa idadi ya waliofaulu somo hilo. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo panapojulikana hotuba imetolewa kwa ajili ya nani.

Baada ya wiki tano darasa litafanya pepa ya pili iliyofichwa, na hapo kuna kosa ambalo hata walimu wazuri hulifanya. Waliokuwa chini kabisa mara ya kwanza wengi watapanda kidogo, na waliokuwa juu kabisa baadhi watashuka. Mwalimu atajiambia kwamba karipio limewaamsha wale na sifa zimewalevya hawa. Mara nyingi halijatokea lolote kati ya hayo. Aliyepata 9 huenda siku ile aliumwa au maswali yalimwangukia vibaya. Bahati mbaya kiasi hicho ni nadra kujirudia. Aliyepata 71 huenda alikutana na maswali aliyoyasoma jana yake. Kwa hiyo kabla ya kumsimamisha mtu asifiwe au aaibike, mwalimu atazame maswali waliyokubaliana kuyashughulikia. Binti wa 24 akipata 27, lakini KDS, faida na mchoro vyote amevipata, mpango unafanya kazi na pepa ilikuwa ngumu. Akipata 33 huku yale matatu ameyakosa tena, kapanda kwa maswali mengine, na mpango wake bado haujaanza.

Kuhusu kubandika majina na alama ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa 40, NECTA yenyewe ilikwisha kuonyesha njia. Ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Januari 2023, iliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Darasani sababu za kuacha ni nyingi zaidi. Mwenye alama 12 hahitaji wenzake 39 wazijue ili azifanyie kazi, na orodha ya nafasi haisemi lolote kuhusu kengele wala asilimia ya faida. Ubaoni yaandikwe makundi na makosa, na alama za mtu zibaki kwenye kijikaratasi chake.

Kuandaa vijikaratasi 40 vya maswali 14 ni kazi ya jioni tatu au nne kwa mwalimu ambaye huenda ana mikondo minne na vipindi zaidi ya 25 kwa wiki. Wakuu wa shule wanaotaka hotuba ya namna hii wasiiombe asubuhi ya siku yenyewe. Wampunguzie mwalimu huyo zamu na usimamizi kwa wiki moja baada ya mtihani wa utimilifu, wamfungulie kabati lenye matokeo ya mwaka jana, na wampe vipindi viwili mfululizo vya kurudisha karatasi za majibu mikononi mwa wanafunzi.